Tano Juu ya Tano

Muulize mtu umri wake, atakudanganya. Muulize uzito wake, tena kwenye foleni, mkwe wake amesimama nyuma yake, atakudanganya mpaka umwonee huruma. Hilo Dada Mizani alilijua kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Miaka yote aliyokaa nyuma ya kaunta ile, hakuwahi kumsikia abiria akitaja uzito bila kutanguliza "kama". Kama sitini. Kama sabini hivi. "Andika themanini, dada, yaishe." Kuna bwana mmoja, mwili umejaa sawasawa, alimwambia "kama sitini na tano" huku benchi alilokalia likilia kwa sauti.

Uwanja wenyewe ulikuwa chumba kimoja cha bati, kaunta, benchi mbili, na njia ya ndege ya changarawe iliyoanza mlangoni na kuishia kwenye majani. Ndege ilikuwa moja, ndogo, ya viti tisa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilivuka milima kwenda upande wa pili, ambako barabara ilikatika tangu mvua zianze na daraja likaenda na maji. Ukitaka kufika huko, ni ndege ile au usubiri jua.

Na ndege ndogo, ndugu yangu, haina adabu ya kukubali maneno. Haijali ulichosema kwenye kaunta. Inabeba kilichopo, na kilichopo kikizidi, mlima uko pale mbele unasubiri. Ndiyo maana kila safari ilikuwa na karatasi ya uzito: watu wote, mizigo yote, jumla yake chini ya kiwango ambacho rubani ametaja siku hiyo. Kanuni ilisema abiria apimwe kwenye mizani. Asipopimwa, aulizwe, kisha aongezewe kilo tano, kwa sababu hakuna binadamu anayetaja uzito wake pamoja na viatu, koti, simu mbili na chapati alizokula asubuhi. Kanuni nzuri. Nani angebisha?

Mizani ilikuwepo. Wala haikuwa mbovu, na hilo ndilo litakalokuja kumuuma huyu dada kuliko yote. Ilikuwa pale pembeni, hatua chache tu kutoka kaunta, pana ya kusimama mtu mzima, na ilipima mizigo kila siku bila kosa. Lakini miezi michache nyuma alimpandisha mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa heshima zake. Mpakiaji wa mizigo, ambaye watu walimwita Toroli, akasoma nambari kwa sauti ya mnadani: "Mia na nane!" Watu wakacheka. Yule mama akawapa matusi ya rangi zote, akapeleka malalamiko makao makuu, na jibu likarudi: tumieni busara. Busara waliyoitumia ni kuigeuza mizani ikatazama ukuta. Tangu hapo watu hawakupimwa tena. Waliulizwa.

Hata kuulizwa kwenyewe kulihamia kwa mtu mwingine. Tiketi ziliuzwa mjini na mume wa dada yake, Shemeji, mtu mwembamba mwenye kibanda cha simu na mdomo mtamu. Shemeji aliuliza uzito wakati wa kukata tiketi, na usiku wa kuamkia safari alituma orodha kwa simu: kiti cha kwanza sabini na nane, cha pili themanini na mbili, hivyo hivyo mpaka cha tisa. Dada Mizani aliihamishia kwenye karatasi yake, akaongeza tano kila mmoja kama kanuni inavyosema, akajumlisha. Kazi safi, kaunta imetulia, hakuna anayetukanwa.

Jumatatu hiyo abiria walikuwa tisa, ndege imejaa. Anga lilikuwa zito upande wa milimani. Rubani, kijana mpole ambaye hata mbu alimpisha, aliingia akiwa amekunja mikono ya shati.

"Leo nina nafasi ya kilo mia saba na themanini, watu na mizigo," alisema. "Usiniombe zaidi. Huko hakuna mafuta, nabeba ya kwenda na ya kurudi. Na mawingu yale nataka niwe nimeyapita mapema."

"Sawa, Kapteni."

Dada Mizani alipima mizigo. Sanduku la chanjo la hospitali, lenye barafu ndani, kilo arobaini. Mabegi ya watu yote pamoja, ishirini. Halafu akachukua kikokotoo, akajumlisha watu na mizigo. Akajumlisha tena, akidhani kidole kimeteleza. Nambari ikarudi ile ile: mia nane ishirini na moja.

"Arobaini na moja zaidi," alimwambia Toroli kwa sauti ya chini.

"Toa mabegi."

"Mabegi ishirini. Bado ishirini na moja."

"Toa sanduku."

"Toa wewe, ukaieleze hospitali."

Toroli akaanza kukagua kucha zake. Kilichobaki kilikuwa kutoa mtu. Kwa hilo pia palikuwa na utaratibu: kwanza unaomba mwenye hiari abaki mpaka Jumatano. Asipopatikana, anabaki aliyekata tiketi wa mwisho. Dada Mizani aliomba kwa upole wake wote. Mwalimu wa sekondari alitazama dari. Bwana mwenye briefkesi alifungua simu ambayo haikuita. Mama na binti zake wawili walishikana mikono kana kwamba kuna mtu anakuja kuwanyang'anya. Hiari, siku hiyo, haikuwa na mwenyewe.

Wa mwisho kukata tiketi alikuwa fundi cherehani.

Dada Mizani alimjua. Nani asiyemjua? Duka lake lilikuwa nyuma ya soko, mlango wa bluu, na nusu ya sare za shule za mji ule zilipita chini ya sindano yake. Mwanamke mwembamba, mikono myepesi, sentimita ya kupimia watu shingoni kama mkufu. Hata leo alikuwa nayo, alisahau kuivua. Hakuwa na begi, ila mkoba mdogo na kanga aliyoikunja.

"Mimi?" alisema. "Dada, siyo mimi. Tafadhali. Mama yangu anaumwa. Kaka amenipigia tena alfajiri, amesema njoo leo. Hakusema njoo wiki hii, amesema leo."

"Pole sana, dada yangu. Ndege imezidiwa."

"Imezidiwa na mimi? Niangalie!" Akanyoosha mikono yake miwili ili aonekane alivyo. Baadhi ya watu wakatazama chini. "Nipime basi. Ile si mizani? Nipime!"

Hapo ndipo pa kusimama kidogo, maana hapo ndipo jambo lilipokuwa mkononi mwake, zima, halijavunjika. Dada Mizani alikwenda akaigeuza mizani kutoka ukutani, akapuliza vumbi. Fundi akavua viatu, ingawa hakuna aliyemwambia, akapanda. Mshale ukatulia kwenye hamsini na mbili.

"Si nilisema?" fundi alisema. "Nilimwambia hata aliyenikatia tiketi, hamsini na mbili. Mimi napima watu kila siku, nitakosa kujipima mwenyewe? Kule kwa muuza nafaka najipima kila mwezi."

Dada Mizani alirudi kwenye karatasi. Pale iliandikwa sitini na mbili: hamsini na saba ya orodha ya Shemeji, na tano yake mwenyewe. Tofauti ya kilo kumi. Akajisemea moyoni, masikini, mawazo ya mama yamemkondesha. Akafuta sitini na mbili, akaandika hamsini na mbili, akajumlisha upya. Neno lile, nilimwambia hamsini na mbili, alilisikia vizuri tu. Lilipita sikioni na kutokea upande wa pili, kwa sababu akili yake yote ilikuwa kwenye jumla na mawingu, na Kapteni alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa.

"Imepungua," alisema. "Tukiacha na mabegi yote, bado tumezidi kumi na moja."

"Kumi na moja tu!" Fundi aligeuka kuwatazama wenzake. "Ndugu zangu, kumi na moja tu. Hakuna hata..."

Mwalimu alirudi kutazama dari. Na angefanya nini? Mtu hawezi kuacha kilo kumi na moja za mwili wake kwenye benchi.

Dada Mizani alitazama mizani, akatazama watu wanane waliobaki. Wazo lilimjia, na ni haki yake liandikwe: niwapime wote. Lilikuja, likakaa kidogo, akaliangalia. Akamwona yule mama mwenye binti wawili, mtu mnene, akiwa ameshaanza kujifunika kanga vizuri kwa wasiwasi. Akakumbuka mia na nane na kicheko kile. Akaona hata akiwapima, watu husema pungufu, hawasemi zaidi. Mizani itatoa nambari kubwa kuliko hizi. Itamshusha hata abiria wa pili. Akaliacha wazo liende.

Rubani aliichukua karatasi. "Hizi umepima au umeambiwa?"

"Nimeambiwa, Kapteni. Lakini nimeshaongeza zile tano."

"Vizuri," alisema, akatia sahihi.

Nambari ikishaandikwa, jamani, haina uso. Huwezi kuitazama ukajua imepimwa, imesemwa, au imenenepeshwa njiani. Hamsini na saba ni hamsini na saba tu, imevaa nguo zile zile na wenzake.

Fundi alipotolewa, karatasi ikashuka chini ya kiwango kwa wingi, basi hata mabegi yakarudi. Hilo lilikuwa baya kulitazama. Toroli alisukuma mabegi yote kwenda kwenye ndege, begi la mwalimu, begi la yule bwana na briefkesi yake, na juu yake sanduku la chanjo, na fundi amesimama mlangoni akiyahesabu kwa macho. Hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Jumatano kuna nafasi?"

"Ipo. Nakuwekea ya kwanza kabisa."

"Haya." Akakunja kanga yake upya, ingawa ilikuwa imekunjwa. "Nitampigia kaka nimwambie."

Ndege ilipaa vizuri. Rubani alikuja kusema baadaye kwamba ilipaa kwa wepesi uliomshangaza, ikayaacha majani ya mwisho wa njia mbali chini. Wakati ule Dada Mizani aliiona tu ikipotea, akajisemea, ndiyo raha ya kufuata kanuni.

Jioni alipitia kwa dada yake, kama kawaida yake. Walikuwa nje uani, dada anapepeta mchele, Shemeji ameweka miguu juu ya stuli na redio sikioni. Dada Mizani alikaa, akapewa chai, akaanza utani, maana na shemejiye hawakuwa na mazungumzo bila utani.

"Wewe Shemeji na abiria wako wa bei rahisi! Unawauliza uzito au unapiga ramli? Fundi wa mlango wa bluu umemwandikia hamsini na saba. Leo nimempandisha, hamsini na mbili kamili, hata sindano haizidi."

"Ndivyo alivyosema," Shemeji alijibu, hajageuka. "Hamsini na mbili."

"Sasa hamsini na saba imetoka wapi?"

"Si ile tano."

"Tano ipi?"

Shemeji akapunguza redio. "Tano ya tangazo. Lile lililokuja mwezi uliopita, la muhuri. Uzito wa kutajwa uongezwe kilo tano. Nami naongeza. Naongeza kabla sijakutumia, nisije nikasahau." Akacheka kidogo, akijisifu. "Mimi sitaki lawama. Usalama kwanza."

Dada Mizani aliweka kikombe chini. Aliijua ile karatasi yenye muhuri. Ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kaunta yake, ameisoma mara ngapi sijui. Uzito wa kutajwa uongezwe kilo tano. Nani aongeze, haikusema. Ilitumwa kwa kila mtu, na kila mtu akajiona ndiye anayeambiwa.

"Kila mmoja?" aliuliza. "Wote tisa?"

"Wote. Kwani nimbague nani?"

Tisa mara tano hata mtoto wa darasa la pili anaijua. Arobaini na tano. Na ndege ilizidi arobaini na moja. Hakuhitaji kikokotoo, hakuhitaji hata vidole. Watu wote tisa, mabegi yote, sanduku la chanjo, fundi na mkoba wake na kanga yake, wangekaa ndani ya ndege ile kwa haki, tano moja ya kila mtu ikiwa juu kama kanuni inavyotaka, na kilo nne zingebaki.

"Ee Mungu wangu," alisema.

"Nini tena?" dada yake aliuliza, ungo mkononi.

"Nimemwacha mtu." Akasimama. "Nimemwacha mtu aliyekuwa na nafasi yake. Na nilimpima! Nilimpima mwenyewe, mizani ikaniambia kumi, nami nikasema amekonda!"

Hilo ndilo lililomkata maini. Kama asingempima, angesema nilidanganywa na karatasi. Lakini kipimo kimoja cha kweli alikipata, tena mbele ya mashahidi, na kilimwambia wazi kwamba mtu huyu ameongezwa mara mbili. Kilichobaki kilikuwa kujiuliza swali dogo: je, na hawa wengine? Hakujiuliza. Alirekebisha mstari mmoja, akaiacha minane iliyoharibika kwa namna ile ile.

Shemeji aliondoa miguu kwenye stuli. "Lakini mimi nilifuata tangazo," alisema, na safari hii hakucheka.

"Hata mimi nilifuata tangazo, Shemeji. Ndiyo taabu yenyewe."

Alitoka pale akaenda moja kwa moja nyuma ya soko. Mlango wa bluu ulikuwa wazi, taa imewashwa, na cherehani inapiga. Fundi alikuwa anashona kaptura za kaki, moja inamalizika, nyingine inaingia, kwa mwendo wa mtu anayeogopa mikono yake ikisimama. Simu ilikuwa mezani mbele yake, imeegemezwa kwenye kopo la vifungo.

"Karibu," alisema bila kuinua macho. "Kuna habari ya ndege?"

Na moyo wa Dada Mizani, uliokuja umejaa maneno, ukayapoteza yote pale kizingitini. Amwambie nini? Kwamba ndege imerudi na iko uwanjani imelala, na haitapaa tena mpaka Jumatano? Kwamba nafasi ilikuwepo? Ungemsaidia nini ukweli ule, ila kumwongezea mzigo juu ya mzigo? Hivyo ndivyo alivyojidanganya. Watu wanaosema uzito wao pungufu hawajidanganyi hata nusu ya hapo.

"Hapana," alisema. "Nimepita kukujulia hali. Mama anaendeleaje?"

"Amemeza uji kidogo. Kaka anasema ananiulizia." Fundi akakata uzi kwa meno. "Nitafika tu. Jumatano siyo mbali."

"Siyo mbali," Dada Mizani aliitikia, akaondoka.

Kesho yake, Jumanne, hakuna ndege, lakini alifungua ofisi. Alikuta Toroli amekaa mlangoni, akamwamuru waivute mizani kutoka pembeni mpaka mbele ya kaunta kabisa, mahali ambapo hakuna anayeweza kupita bila kuikanyaga. Alikata kipande cha kitambaa akakitundika kwenye uso wa mizani, ili nambari aione anayeisoma peke yake. Kitambaa tu! Miezi yote ile, aibu ya watu ingetosha kufunikwa na kitambaa cha shilingi chache. Halafu akachora karatasi mpya kwa rula: safu ya alichosema abiria, safu ya ilichosema mizani, na safu ya tatu, nyembamba, ya ziada, na nani ameiweka. Alipiga simu makao makuu akaeleza kila kitu, na yule bosi wa busara akasema "aisee", akasema atatoa tangazo lingine. Alimpigia Shemeji akamwambia kuanzia leo ulete kile mtu alichosema, kama ni "kama sitini" andika "kama sitini", usinisafishie kitu.

Alikuwa bado kwenye simu hiyo Toroli alipoingia kutoka sokoni na kofia mkononi.

"Yule fundi," alisema. "Duka limefungwa. Watu wamekaa nje pale. Mama amefariki asubuhi."

Toroli alikuwa mtu wa kelele, lakini aliyasema hayo kwa sauti ndogo kiasi kwamba Shemeji, upande wa pili wa simu, hakusikia, akaendelea kuuliza, "Halo? Halo? Kama sitini niandike vipi?"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wahenga walikuwa na maneno matamu. Mjukuu hupakatwa, akachekewa, akatumwa dukani. Majuto ya Dada Mizani hayakuwa na miguu ya kwenda popote, yalikaa naye pale kwenye kaunta mchana kutwa yakimwangalia.

Jumatano anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu la kusingizia. Rubani akasema ana nafasi ya kilo mia nane. Abiria walikuwa wanne. Viti vitano vitupu, na mizigo isiyojaza hata toroli.

Walipanda mizani mmoja mmoja, nyuma ya kitambaa, na hakuna aliyekasirika. Mzee mmoja aliomba hata kupanda mara ya pili, amefurahi kuwa amepungua. Fundi alikuja wa mwisho. Alikuwa amevaa kanga ile ile, na safari hii sentimita haikuwa shingoni. Dada Mizani alitoka nyuma ya kaunta, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, dada yangu. Pole sana kwa mama."

"Ahsante. Wamemzika jana jioni. Nakwenda kuliona kaburi, na kumwona kaka."

Alivua viatu, akapanda bila kuambiwa. Mshale ukatulia.

"Hamsini na moja," Dada Mizani alisoma polepole.

"Juzi nilikuwa hamsini na mbili."

"Ndiyo."

Fundi alibaki juu ya mizani, anaitazama chini ya miguu yake. "Ni hii hii ya juzi?"

"Hii hii."

"Na ilikuwa nzima?"

Hapo Dada Mizani angeweza kusema ilikuwa nzima, akanyamaza. Lakini tangu jana alikuwa ameshajiapiza, na maneno yalitoka yote kwa mkupuo, pamoja na machozi ambayo hakuyaita. "Ilikuwa nzima. Dada, nafasi yako ilikuwepo. Aliyekukatia tiketi alikuongezea tano, nami nikakuongezea tano nyingine juu yake, na wenzako wote vivyo hivyo. Sikujua. Lakini ilinionyesha ulipopanda, na sikuelewa. Ningewapima wote, mngekwenda wote. Kilo nne zingebaki. Nilijua jioni ile ile, nikaja kwako, nikashindwa kusema. Nisamehe."

Toroli alisimamisha toroli lake mlangoni. Rubani, aliyekuwa anakuja kuchukua karatasi, alirudi nyuma hatua moja akasimama nje.

"Nne," fundi alisema.

"Nne."

Fundi alishuka, akavaa kiatu kimoja, akakaa kwenye benchi na kingine mkononi.  Alizungumza bila kumtazama mtu.

"Kaka anasema usiku ule aliniulizia mara nyingi. Wakawa wanamwambia yuko njiani, yuko karibu, bado kidogo hivi. Hawakumtajia saa. Wangemtajia saa, angeisubiri ile saa." Akavaa kiatu cha pili. "Kwa hiyo hakujua kama nimechelewa. Hilo tu ndilo ninaloshukuru."

Dada Mizani alirudi nyuma ya kaunta.

Fundi alisimama, akaja kaunta, akaitazama ile karatasi mpya yenye mistari ya rula. Alikuwa fundi, alijua kusoma safu. Akaweka kidole kwenye mstari wake, akakisogeza kutoka alichosema mpaka ilichosema mizani, kikafika kwenye ile safu nyembamba ya tatu.

"Hapa unaandika nini?"

"Kwako hakuna kitu. Umepimwa."

"Basi chora kistari," fundi alisema. "Usiache wazi. Mtu asije akapaona pako wazi, akaniongezea."

Dada Mizani akachora kistari. Kikaenda upande, akakiacha hivyo. Fundi akachukua mkoba wake, akatoka kwenda kwenye ndege, akachagua kiti alichotaka, maana vilikuwa vingi.